Andalio la Somo Linapofika Kwenye Kompyuta

Walimu wengi huandika andalio la somo usiku, kwa mkono, kwenye daftari, na asubuhi daftari hilo hupelekwa steshenari au kwa kijana wa ofisini mwenye kasi ya kuchapa. Kasi ni nzuri, lakini kazi yenyewe hasa ni kupanga. Mwalimu ameandika kama anavyofikiri, mambo yote kwa pamoja, ilhali fomu inataka kila jambo likae mahali pake.

Tuchukue andalio la Hisabati, Darasa la Nne, kipindi cha dakika 40, mada ikiwa kujumlisha sehemu zenye asili moja. Kwenye daftari kuna sentensi hii: “Onyesha kukunja karatasi mara 8, vikundi wakunje, wapake rangi 3 halafu 2, waseme jumla.” Nyuma ya sentensi hiyo moja kuna watendaji wawili. Kuonyesha ni kazi ya mwalimu, kwa hiyo kunaingia safu ya shughuli za ufundishaji. Kukunja, kupaka rangi na kutaja jumla kunaingia safu ya shughuli za ujifunzaji, kwenye mstari uleule, ili msomaji aone nani anafanya nini kwa wakati mmoja. Na hapo hapo kuna jambo ambalo mchapaji makini hulinasa: “mara 8” ina maana ya kukunja mara nane au kupata vipande nane? Karatasi ikikunjwa nusu mara tatu tu, tayari ina vipande vinane. Aulizwe mwenyewe.

Sasa angalia zana. Mwalimu ameorodhesha ubao na chaki tu, wakati shughuli yenyewe inadai karatasi na kalamu za rangi. Ukimaliza kuchapa shughuli, zipitie upya kutafuta kila kitu kinachoshikwa kwa mkono, kisha ulinganishe na orodha ya zana. Darasa likiwa na wanafunzi 54 katika vikundi vya watu sita, zinahitajika karatasi tisa, na ya kumi ya mwalimu. Andalio lisipozitaja, kipindi kitaanza kwa kumtuma mtoto ofisini.

Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu ameandika: “Watajumlisha na asili! 5/16.” Wachapaji wengi huliruka neno kama hilo wakidhani ni mchoro tu. Kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko yote kwenye ukurasa, maana linataja kosa ambalo watoto hulifanya kweli: wanajumlisha 3 na 2, kisha 8 na 8. Likae kwenye shughuli za ufundishaji, hatua ya maarifa mapya.

Muda nao una mitego yake. Daftari linasema utangulizi 5, maarifa mapya 15, kuimarisha maarifa 15, tafakari 5, hitimisho 5. (Majina ya hatua hubadilika kulingana na mtaala, fuata fomu ya shule husika.) Jumla ni 45. Kwenye Word, andika tarakimu peke yake katika safu ya muda, weka kishale kwenye kisanduku cha mwisho, fungua Layout, kisha Formula, uweke:

```
=SUM(ABOVE)
```

Kichwa cha safu kisiwe na namba, la sivyo nayo itajumlishwa. Ukibadilisha dakika, chagua jumla hiyo ubonyeze F9. Lakini usizikate dakika tano kwa uamuzi wako.

“Mwalimu, dakika zimezidi tano.”

“Basi kuimarisha iwe 10, na maswali yawe matatu badala ya matano.”

Jibu hilo limegusa pia safu ya upimaji, iliyokuwa ikisema “maswali matano.” Nayo irekebishwe.

Word yenyewe hupenda kusaidia bila kuombwa. Huigeuza 1/2 kuwa ½ na kuiacha 3/8 ilivyo, ukurasa ukaonekana kama umechapwa na watu wawili. Orodha ya (a), (b), (c) huishia na ©. Bonyeza Ctrl+Z papo hapo. Kwa sehemu, bonyeza Alt na =, andika 3/8, kisha nafasi; itajipanga juu na chini.

Lengo likiwa “wanafunzi waelewe sehemu,” mwonyeshe mwalimu kwamba fomu inadai kitendo kinachopimika, mfano: kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili moja kwa usahihi. Maneno ya mwisho yawe yake.

Visanduku vya idadi ya waliohudhuria na tathmini viachwe wazi. Anayechapa juu ya faili la wiki iliyopita huacha humo “somo limeeleweka” kwa kipindi ambacho hakijafundishwa, na mthibiti ubora wa shule huliona mara moja. Hifadhi fomu tupu kama faili la .dotx, na kila andalio jipya lianzie hapo.