Kabla ya kutafuta mtu wa ndani, fungua tablo

Wanaotafuta kazi katika mashirika ya Uvira hawachoki kuuliza swali lilelile: nimwone nani ndani ya ofisi ili dosia yangu ijibiwe? Swali hilo lina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu linachukulia kwamba chanzo cha kimya kimeshajulikana. Hebu mwulize huyo anayelalamika: tangazo lilikuwa na namba gani ya marejeo, lilifungwa lini, na kwenye CV uliandika namba gani ya simu? Mara nyingi hakumbuki. Sasa asiyekumbuka hayo atajuaje kama alinyimwa kazi, au kama dosia yake haikufika kabisa?

Upendeleo upo, na si mimi nitakayeukana. Ninachokataa ni kuufanya jibu la kila kimya. Chukua mfano wa kubuni wa mwombaji mwenye dosia 12, kila moja ikiwa na mstari wake kwenye tablo: tarehe ya kupeleka, tarehe ya kufungwa, hatua ilipofikia, wa kuwasiliana naye, siku ya kuulizia, na matokeo. Tuseme tatu hazina uthibitisho wowote kwamba zilipokelewa: bahasha ziliachwa kwa sentinele wa mlangoni, na hakuna nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi. Tano zilidai Kiingereza au miaka mitano ya uzoefu, naye hana. Mbili zilikuwa za miradi ya fedha za Marekani, iliyosimama misaada ya nje ilipozuiwa Januari 2025. Zinabaki mbili, na hizo ndizo zilizofika kwenye mtihani wa kuandika. Katika 12, basi, ni mbili tu zinazoweza hata kubeba tuhuma ya upendeleo. Zile kumi zilikuwa na sababu nyingine inayoonekana, na hakuna mjomba ambaye angeziponya.

Mtu atasema: tablo haiwezi kuona yanayopangwa gizani. Ni kweli. Lakini inaweza kuonyesha mahali unapoangukia kila mara. Anayeanguka kabla ya mtihani aangalie dosia yake na masharti ya tangazo. Anayefaulu mtihani kisha akakwama kwenye mahojiano ana jambo jingine la kurekebisha. Ukikwama mahojiano baada ya mahojiano kwa mwajiri yuleyule, na kazi ileile ikatangazwa upya, hapo ndipo shaka inapata msingi, na uamuzi wa kuacha kumpelekea dosia unakuwa wa busara. Na huyo “mtu wa ndani” anayekuomba pesa ili aisukume dosia, usimwandike kwenye safu ya mawasiliano. Mwajiri halali hatozi ada ya kuomba kazi. Safu hiyo ni ya idara ya rasilimali watu, au anwani iliyoandikwa kwenye tangazo lenyewe.

Kingine kinachowaponza watu ni saa. Uvira iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Nairobi. Tangazo linalofungwa saa 11 jioni kwa saa za Kinshasa linakuachia hadi saa 12 jioni ya kwetu, lakini likifungwa saa 11 jioni kwa saa za Nairobi, hapa mlango unafungwa saa 10. Andika kwenye tablo saa ya Uvira, si ile ya tangazo. Na kama kwenye dosia uliweka laini ya Burundi inayoanza na +257, iandike pia: mwajiri aliye Bukavu anaweza asipige namba ya nchi nyingine, nawe ukabaki unalaumu upendeleo.

Sasa mambo ya kutenda. Hesabu siku ya kuulizia kuanzia tangazo linapofungwa, si kuanzia ulipopeleka bahasha. Kabla ya hapo mara nyingi uchujaji haujaanza. Siku kumi za kazi zinatosha, isipokuwa tangazo limekataza simu. Kwenye Excel ya Kifaransa, kama tarehe ya kufungwa iko kwenye safu ya C, andika:

```
=SERIE.JOUR.OUVRE(C2;10)
```

Ulizia mara moja, kwa ujumbe mfupi wenye namba ya marejeo. Wiki nne baada ya kufungwa bila neno, andika “kimya” na ufunge mstari. Usiuache wazi ukikudanganya kwamba bado una kitu mkononi. Piga picha ya tangazo siku unayoliona, kwa sababu likishafungwa mara nyingi huondolewa, na ukiitwa kwenye mtihani utayahitaji masharti yake. Huna kompyuta? Daftari la mistari na kalamu vinafanya kazi ileile, umeme ukiwepo au usipokuwepo.