Herufi Tisa Hazitoshi

Picha hizi huja usiku, watu wakishaoga. Chupa imelazwa kitandani au imeshikwa mkononi, lebo imefutika pale kidole gumba kinapozoea kukaa, na chini yake kuna swali ambalo nimeshalichoka: "Muganga, hii ni dawa gani? Imenisaidia sana, imebaki kidogo, nataka nyingine." Safari hii swali lilikuja na mkia: "Na nikiipata, niichanganye na losheni kiasi gani ili isiwe kali?" Ule mkia ndio ulionikalisha kuandika.

Tuanze na picha yenyewe. Ni chupa ndogo nyeupe ya plastiki. Kwenye lebo zinasomeka herufi CLOBETASO, kisha karatasi imelika. Chini yake kuna 0,05 %. Aliyenitumia aliamini amenipa kila kitu: jina analo, asilimia anayo, kazi yangu ni kutaja duka tu.

Sasa, zipo dawa mbili za ngozi ambazo majina yake hayaachani mpaka herufi ya tisa ipite. Moja inamalizika kwa L. Hiyo ni klobetasoli, steroidi iliyo katika daraja la juu kabisa la nguvu kati ya zote zinazopakwa. Nyingine inamalizika kwa NE. Hiyo ni klobetasoni, ya nguvu ya wastani, ambayo daktari anaweza kuiandika kwa pumu ya ngozi isiyo kali. Na zote mbili kwa kawaida hutengenezwa kwa asilimia 0.05. Yaani kilichobaki kwenye lebo ni kile tu kinachozifananisha dawa hizi mbili. Kinachozitenganisha kimeondoka na kidole gumba.

Naweza kubahatisha kidogo. Klobetasoni huuzwa zaidi katika tyubu, kwa hiyo chupa inanielekeza kwenye L. Lakini hapo nimekubali kwamba kilichomo ndicho kilichotiwa kiwandani, na hapa Gisenyi sina sababu ya kukubali hivyo. Tangu polisi na watu wa afya walipoanza kupekua maduka mwishoni mwa mwaka 2018, mkorogo umetoka kwenye rafu ukaingia kwenye mikoba. Unavuka kutoka Birere kupitia Petite Barrière, unauzwa kwa kunong'onezana, na mwingine humiminwa kwenye chupa ya kitu kingine kabisa. Chupa inatoa ushahidi wa chupa. Msinitumie pia zile namba za mistari myeusi mkidhani zinasema ilikotengenezwa. Namba inayoanza na 616 ilisajiliwa Kenya na ya 618 ilisajiliwa Côte d'Ivoire, basi. Kiwanda kinaweza kuwa kwingine, na anayeghushi lebo hunakili hata mistari hiyo.

Tuseme L ingekuwepo, imeandikwa wazi. Bado nisingejua dawa yenu ni ipi, kwa sababu klobetasoli ya asilimia 0.05 huja kama marhamu mazito yanayong'ang'ania ngozi, huja kama krimu, na huja kama dawa ya maji ya kichwani iliyoyeyushwa kwenye spiriti, ambayo ndiyo hasa hukaa kwenye chupa. Ile ya kichwani ukiipaka usoni itakuchoma, na ikiingia jichoni utajuta. Jina moja na asilimia moja, lakini unachoweka kwenye ngozi si kitu kimoja.

Sasa ule mkia.

Imani yenyewe inakwenda hivi: tyubu ni kali, losheni ni laini, ukizikoroga pamoja ukali unagawanyika na mtu anabaki salama. Wauzaji wanaisema, mashangazi wanaisema, na nimewahi kuisikia kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Inaaminika kwa urahisi kwa sababu nusu yake ni hesabu sahihi. Basi tuifanye hesabu mpaka mwisho, kitu ambacho hawa hawakifanyi.

Chukua losheni ya mililita 500 na tyubu mbili za gramu 30 za klobetasoli, mchanganyiko wa kawaida kabisa. Kila gramu ya krimu ina nusu miligramu ya dawa, kwa hiyo tyubu mbili zina miligramu 30. Ukikoroga, gramu moja ya losheni hiyo inabaki na kama sehemu ya kumi ya nguvu ya mwanzo. Hapa ndipo mashangazi wanaposimama na kupiga makofi.

Lakini krimu ya kwenye tyubu ilikusudiwa kiraka kidogo cha ngozi chenye ugonjwa. Losheni inapakwa mwili mzima. Mtu mzima akijipaka kuanzia shingoni hadi miguuni hutumia gramu 25 hadi 30 kwa mara moja. Asubuhi na jioni, tuseme gramu 60. Ndani yake mna zaidi ya miligramu 3 za klobetasoli kila siku, na kwa wiki ni kama miligramu 22. Karatasi ya maelezo ya klobetasoli inasema usipite gramu 50 za krimu kwa wiki, yaani miligramu 25, na usipite wiki mbili. Kwa hiyo huyu aliyepunguza makali yuko karibu na dari ya dawa isiyopunguzwa, ila yeye hana wiki mbili. Chupa inamwishia baada ya siku tisa hivi, anakoroga nyingine, na hali hiyo inakwenda mwaka, miaka miwili.

Maelezo hayohayo yanaonya kwamba gramu 2 tu za krimu kwa siku, yaani miligramu moja ya dawa, zimewahi kuzizuia tezi zilizo juu ya figo zisitengeneze homoni yake ya kawaida. Mtaniambia ngozi nzima hupitisha kidogo kuliko ngozi yenye ugonjwa. Ni kweli. Mtaniambia wengine hujipaka kidogo kuliko nilivyohesabu. Gawanyeni kwa mbili, bado wamepita ile miligramu moja. Ukimimina glasi ya waragi kwenye dumu la maji halafu ukanywa dumu zima, glasi umeinywa.

Na hiyo ni hesabu ya kiasi tu. Nguvu ya steroidi kwenye ngozi haifuati asilimia kama mnavyodhani. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ina namba kubwa mara ishirini kuliko klobetasoli ya 0.05, na bado ndiyo dhaifu, kwa mbali sana. Namba inalinganisha dawa moja na yenyewe, tena si kila wakati.

Kinachoamua kwa kiasi kikubwa ni kile kinachoibeba dawa. Mfano ninaoupenda ni betamethasoni dipropioneti. Ya kawaida, asilimia 0.05, iko daraja la dawa kali. Watengenezaji wakachukua molekuli ileile, kwa asilimia ileile 0.05, wakabadilisha kibebeo, wakaongeza propilini glaikoli ili dawa iyeyuke vizuri zaidi na kupenya. Marhamu yaliyotoka yamepanda hadi daraja moja na klobetasoli. Hawakuongeza hata chembe ya dawa.

Sasa geukia losheni mnazochanganyia. Nyingi zina propilini glaikoli, nyingine zina urea, nyingine zina asidi za matunda zinazochubua tabaka la juu la ngozi, na zote hizo huifungulia dawa njia. Wengine wanakamulia limau humohumo. Kwa hiyo anayedhani anaizimua dawa anaweza kuwa anaisaidia kupenya, naye hana namna ya kujua, kwa sababu wala ile losheni wala ile krimu haikutengenezwa ikitarajia kukutana na mwenzake. Ile krimu ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa kwa ustadi. Ukiiongezea losheni nyingine na kukoroga kwa kijiko, huenda muungano ukavunjika, dawa ikajaa upande mmoja wa chupa, leo ukapaka kidogo na kesho ukapaka nyingi. Vihifadhi navyo vimepunguzwa makali, na hivyo ndivyo hasa hamkutaka vipungue. Ukiona mchanganyiko umejitenga, maji yanaelea, au umebadilika rangi, usiukoroge tena. Umwage.

Sijagusa haidrokwinoni wala zebaki, na mkorogo wa sokoni unaweza kuwa na vyote vitatu kwa pamoja. Krimu iliyokuwa nyeupe ikageuka kahawia inanifanya nishuku haidrokwinoni iliyoharibika kwa hewa. Iliyoingia ukijivu inanifanya nishuku zebaki. Kushuku si kupima. Kipo kifaa cha mkononi kinachoisoma zebaki papo hapo kwa miale, lakini hicho hicho hakioni steroidi wala haidrokwinoni, ambazo zinahitaji maabara.

Haya, mnataka cha kufanya. Kama lazima unitumie picha, zima taa ya simu, lete mwanga kutoka ubavuni ili maandishi yaliyobonyezwa yatoe kivuli, piga pande zote za chupa, kitako chake, na kwa tyubu ile pindo ya mwisho ambako namba ya toleo na tarehe hubonyezwa kwenye plastiki na hazifutiki. Andika umepaka wapi, mara ngapi, kwa muda gani, na ulikuwa unatibu nini. Hayo yananisaidia kuliko lebo. Bora zaidi, ilete chupa yenyewe kwenye kituo cha afya, mituweli mkononi, wakupe karatasi ya kwenda hospitali ukihitaji mtaalamu wa ngozi. Kama ulianza kwa kutibu choa, sema, maana steroidi huficha wekundu wake huku kuvu ikitambaa chini. Mjamzito na anayenyonyesha wasisubiri. Penye shaka ya zebaki acha leo hii, usiichome chupa, na uwataje watoto unaowabeba na kulala nao.

Pasipo shaka hiyo, aliyepaka steroidi mwili mzima kwa miezi asiache ghafla kwa hofu ya makala hii, aende akapunguziwe taratibu. Akiwa ameshaacha, kisha akaona uchovu usioeleweka, kizunguzungu anaposimama, kutapika, au tumbo linamuuma, aende hospitali siku hiyohiyo na amwambie daktari kuhusu mkorogo kabla hajaulizwa. Dalili hizo hutibiwa kama malaria au vidonda vya tumbo siku nyingi, kwa sababu hakuna aliyetaja losheni.