Noti na Hawala (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza namna bei ya dola inavyopatikana. Leo tutazame jambo liwashangazalo wateja wengi wa benki za Tanga, nalo ni kwamba ubao wa bei huwa na safu mbili za dola ile ile, moja ya TT, yaani hawala ya simu, na moja ya noti, na aghalabu noti hununuliwa rahisi na kuuzwa ghali kuliko hawala.

Tuseme, kwa mfano tu, mwenye shamba la katani analipwa na mnunuzi wake wa Ulaya kwa hawala, benki ikampa shilingi 2,585 kwa kila dola. Na mwenye hoteli ya Pangani, aliyeachiwa na wageni dola 1,000 taslimu, akapewa 2,545, akapungukiwa na shilingi 40,000.

Dola za mwenye katani hazikusafiri. Ni hesabu iliyohamishwa kutoka jina moja hadi jingine katika daftari za New York, ambako benki yetu ina akaunti yake, nayo yaweza kumuuzia mwagizaji wa bidhaa dola hizo mara moja, au kuziacha huko zikaleta faida. Za mwenye hoteli ni karatasi: karani hana budi kuzihesabu na kuzipitisha kwenye mashine ya kukagua noti bandia, kisha zifungiwe kwenye kasha zikae bila kuzaa senti, huku zikilipiwa bima, hata zitimie za kupelekwa Dar es Salaam kwa gari lenye walinzi, na huko zipande ndege hadi kwa mnunuzi wa jumla wa ng'ambo, naye akate ujira wake ndipo akaunti ya New York iandikiwe fedha. Anayenunua noti hulipia safari hiyo hiyo, ila ya kuja.

Ndiyo sababu noti ndogo hudharauliwa. Kila noti ya dola, iwe ya 1 au ya 100, ina uzito wa gramu 1 hivi. Basi dola 10,000 katika noti za mia ni gramu 100, na katika noti za moja ni kilo 10 za kuhesabu na kubeba. Noti kuukuu nazo, ijapokuwa Marekani haijazibatilisha, huogopwa kwa kuwa ni nyepesi kughushi. Lakini kuzikataa kabisa, kwa maoni yangu, ni uvivu wa kukagua.

Walakini noti ziingiazo asubuhi zikitoka jioni, safari haipo. Shilingi za Kenya, ziletwazo na kutakwa na wapitao Horohoro, zaweza kubadilishwa hapa Tanga kwa tofauti ndogo, maadamu wauzaji na wanunuzi wanalingana.

Mwenye hoteli naye asikimbilie hawala kwa kila mgeni. Ada za kupokea hawala zikiwa, tuseme, shilingi 25,000, dola 1,000 zitamwachia nafuu ya 15,000. Bali kwa dola 300 tofauti ya bei ni 12,000 tu, na hapo noti ndiyo iliyo bora.