Kutoka Kapsheni Hadi Kiti cha Jahazi

Anwani ya tovuti ikiandikwa kwenye kapsheni ya Instagram haibonyezeki. Inabaki maandishi matupu chini ya picha, na mtu wa simu hawezi hata kuishika na kuinakili kirahisi. Ndiyo maana kila mwenye biashara, awe msusi wa Kariakoo au mwenye nyumba ya wageni Lamu, amezoea kumalizia kwa maneno yaleyale: linki iko kwenye bayo. Maneno hayo yanamtaka mfuasi aiache picha aliyoipenda, aende kwenye ukurasa wa mwenye akaunti, atafute linki, aifungue, kisha aitambue ndani yake ile huduma iliyomvutia. Wengi huishia njiani. Shida si uvivu wao. Kila wanapofika wanakuta kitu kinachoitwa kwa jina tofauti na lile waliloahidiwa.

Tuchukue mfano wa mwenye jahazi wa Kendwa, kaskazini mwa Unguja, ufukwe unaotazama magharibi na hivyo unaona jua likizama baharini. Ana safari mbili. Moja ni ya jioni, kutazama machweo. Nyingine ni ya asubuhi kwenda Mnemba, wageni wavae miwani ya maji watazame samaki. Anaweka video nzuri ya tanga likiwa limejaa upepo, na kapsheni inaanza kwa shukrani, inaendelea na sifa za bahari, kisha inamalizia: "Weka nafasi sasa, linki iko kwenye bayo." Bayo ina linki moja iliyoandikwa "Tovuti yetu". Linki inafungua ukurasa wa mwanzo wenye picha kubwa na historia ya kampuni. Safari ya machweo iko ndani ya menyu, chini ya neno "Huduma", na huko inaitwa "Kifurushi B".

Huyu mteja alikuwa tayari kulipa. Ameona machweo, ameambiwa bayo, amekuta "tovuti yetu", halafu "huduma", halafu "Kifurushi B". Kitu kimoja kimebadilishwa jina mara nne. Dawa yake haina gharama. Safari ipewe jina moja, Jahazi la Machweo, na jina hilo liandikwe vilevile kwenye kapsheni, kwenye linki ya bayo na juu kabisa ya ukurasa wa kuweka nafasi. Instagram inaruhusu kila linki ya bayo ipewe jina lake: ingia Edit profile, kisha Links, ongeza anwani na uandike jina kwenye sehemu ya Title. Wengi huiacha sehemu hiyo wazi, na mfuasi anabaki kutazama anwani isiyomwambia kitu.

Kapsheni yenyewe inahitaji kupinduliwa. Inaweza kubeba hadi herufi 2,200, lakini kwenye mpangilio wa kawaida mtu huona takriban herufi 125 tu kabla ya kulazimika kugusa "more", na kwenye rili huona pungufu ya hapo. Maelekezo yakikaa mwishoni, asiyefungua hayaoni kabisa. Mwenye jahazi angeweza kuanza hivi:

"Jahazi la Machweo, Jumamosi, saa 10:30 jioni (16:30). Gusa @jinalako, kisha gusa Jahazi la Machweo juu ya ukurasa."

Sifa za bahari na shukrani zifuate baadaye, hakuna anayezizuia. Ila angalia ile @jinalako, mahali panapokaa jina la akaunti yenyewe. Linki haibonyezeki ndani ya kapsheni, lakini jina la akaunti lenye alama ya @ linabonyezeka na humpeleka mtu moja kwa moja kwenye ukurasa wako. Mwenye akaunti kujitaja kwenye kapsheni yake huonekana kama majivuno, kumbe ni mlango. Pia linasaidia pale ukurasa mwingine unaporudia video yako na kapsheni yake. Kule, "linki iko kwenye bayo" ingemwelekeza mtu kwenye bayo isiyo yako.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Kapsheni ikisema saa 10:30 jioni, na ukurasa wa kuweka nafasi ukawa umetengenezwa kwa mfumo wa kizungu, mteja atakuta 4:30 PM au 16:30. Mwenyeji aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kuitafuta 10:30, akaikuta kwenye safari ya asubuhi, akalipia. Siku ya safari anafika jioni na tiketi ya Mnemba mkononi. Kuandika saa zote mbili, kwenye kapsheni na kwenye ukurasa, kunamaliza ubishi huo. Bei nayo ifuate kanuni hiyohiyo: kama kapsheni imetaja shilingi, ukurasa usifunguke na dola.

Sasa bayo. Tangu mwaka 2023 Instagram inaruhusu hadi linki tano. Watu wengi waliifurahia nafasi hiyo wakaijaza yote, bila kuona kwamba mgeni anayefika kwenye ukurasa huonyeshwa linki ya kwanza tu, na nyingine zimefichwa nyuma ya maneno mafupi ya kuashiria kwamba ziko zaidi. Kwa hiyo mpangilio ni jambo kubwa kuliko idadi. Wiki ambayo video zinazungumzia machweo, linki ya machweo iwe ya kwanza. Mwenye huduma mbili, kwa maoni yangu, hana haja ya ukurasa wa katikati wa kukusanya linki, kama ule wa Linktree, kwa sababu unaongeza mguso mmoja na kumfungulia mteja ukurasa mwingine wa kupakua kwa bando lake. Mwenye huduma kumi na mbili ana hoja tofauti.

Linki ya machweo isiende kwenye ukurasa wa mwanzo, iende kwenye safari yenyewe. Na anwani yake iwe ya kudumu, isiyo na tarehe ndani yake:

```
https://example.com/machweo
```

Hapa ndipo penye hasara isiyoonekana. Video ya Instagram haifi siku uliyoiweka. Inaweza kutembea miezi sita baadaye na kumfikia mtu wa Muscat au Nairobi anayepanga likizo. Kapsheni yake bado inasema "gusa Jahazi la Machweo". Kama wakati huo umeiondoa linki hiyo ukaweka ofa ya Idi, mtu huyo anafika kwenye bayo na kukosa alichoahidiwa. Kama anwani ilikuwa ya Jumamosi fulani tu, na ukurasa wake umefutwa, anakutana na ujumbe wa kosa. Ukurasa wa kudumu hauna taabu hiyo: Jumamosi ikijaa, uandike kwamba imejaa na uonyeshe siku inayofuata yenye nafasi. Masika yakiingia na safari zikasimama, ukurasa useme zitarudi lini, na uache sehemu ya mtu kuandika namba yake. Ofa ya Idi ipewe linki yake ya pili, si kiti cha ile ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye biashara halioni kwa kuwa huwa anapima ukurasa wake kwenye kompyuta. Linki ikiguswa ndani ya Instagram, kwa kawaida haifunguki kwenye kivinjari ambacho mtu amezoea, bali kwenye dirisha la Instagram yenyewe. Dirisha hilo halina nywila wala kadi alizohifadhi kwenye kivinjari chake. Mteja akiambiwa afungue akaunti kwanza, anaanza upya kuandika kila kitu kwa kidole gumba. Na akitoka kidogo kwenda kusoma namba ya uthibitisho kwenye SMS, au kuangalia salio lake la simu, anaweza kurudi na kukuta ukurasa umejipakia upya, fomu ni tupu. Wengine hulipa mara mbili kwa hofu, wengi huacha.

Kwa hiyo fomu iwe fupi: siku, idadi ya watu, jina, namba ya simu. Isidai akaunti. Mtu akimaliza hatua hiyo, nafasi yake ishikwe kwa muda, tuseme dakika 20, na namba ya nafasi itumwe kwenye simu yake kabla ya malipo. Hata dirisha likijifunga, ana pa kuanzia. Kama malipo yanapitia kampuni nyingine yenye jina lake, mwambie mapema, kwenye ukurasa wako, kwamba sasa utaona jina fulani. Watu wametapeliwa vya kutosha. Mtu akiona jina geni linaomba fedha anafunga, na ana haki. Kwa sababu hiyohiyo ningeepuka zile anwani zilizofupishwa zinazoficha mwisho wa safari. Hazina faida yoyote kwenye bayo, maana mtu haziandiki kwa mkono.

Wapi hasa watu wanapotea? Mwenye akaunti ya kibiashara anaweza kuona sehemu ya jibu kwenye takwimu za Instagram. Huko kuna Profile visits, yaani mara ambazo ukurasa umetembelewa, na External link taps, yaani mara ambazo linki zimeguswa. Ukurasa ukitembelewa sana na linki zikaguswa kidogo, tatizo liko kwenye bayo: jina la linki halilingani na kapsheni, au linki inayotafutwa imefichwa. Linki ikiguswa sana na nafasi zikabaki chache, tatizo liko kwenye ukurasa wa kuweka nafasi, au bei imewashtua. Kutofautisha wanaotoka Instagram na wanaotoka kwingine, mkia huongezwa kwenye anwani:

```
https://example.com/machweo?utm_source=instagram&utm_medium=bio
```

Kilicho baada ya alama ya kuuliza kwa kawaida hakibadilishi ukurasa. Kinakieleza chombo cha kuhesabu wageni, kama Google Analytics, kwamba huyu katokea kwenye bayo ya Instagram. Takwimu hizo hazisemi mtu kakwama kwenye sentensi gani. Hilo linasemwa na maoni chini ya video. "Bei?" maana yake bei haikuonekana kabla ya mguso. "Naweka wapi nafasi?" maana yake maelekezo yamejificha. "Nimeingia sioni" maana yake majina hayalingani. Ukimjibu mtu huyo kwenye inboksi umemsaidia yeye peke yake. Ukiirekebisha kapsheni, ambayo Instagram inaruhusu ihaririwe hata baada ya kuchapishwa, umewasaidia wote watakaofuata.

Kipimo cha bei nafuu ni kumpa video hiyo jamaa asiyejua biashara yako, kwenye simu yake na bando lake mwenyewe, ukamwomba aweke nafasi ya watu wawili huku wewe umekaa kimya. Usimwelekeze. Pale atakapoinua kichwa kukuuliza, pameandikwa vibaya.

Video za zamani nazo zina zamu yake, lakini haina maana kuzihariri zote. Anza na zile tatu ambazo Instagram inakuruhusu uzibandike juu ya ukurasa wako, kisha zile ambazo takwimu zinaonyesha bado zinatazamwa. Zilizobaki ziache.