Sarafu au Betri? Saa Mbili za Mwanzo Baada ya Mtoto Kumeza Betri Bapa: Mfano wa Kabalagala, Kampala

1.0 Utangulizi

Katika vyumba vingi vya kupanga vya Kabalagala, tarafa ya Makindye, sebule, jiko na mahali pa kulala huwa ni chumba kimoja. Mtoto anayeanza kutembea hufikia kila kilichoachwa sakafuni. Miongoni mwa vitu hivyo ni rimoti nyembamba inayouzwa pamoja na spika ndogo za muziki. Rimoti hiyo hutumia betri bapa ya lithiamu, iliyowekwa katika kidroo cha plastiki ambacho aghalabu huvutwa kwa ukucha tu, bila skrubu. Rimoti ikianguka sakafuni, kidroo hutoka na betri hubiringika chini ya kitanda.

Makala hii inajadili kinachotokea betri hiyo inapomezwa, na hatua zinazopaswa kufuata. Hoja yake kuu ni kwamba familia, maduka ya dawa na hata baadhi ya watumishi wa afya hulikabili tukio hilo kwa mazoea yaliyotokana na sarafu. Sarafu iliyomezwa mara nyingi huweza kusubiri. Betri iliyokwama katika umio haisubiri, na tofauti kati ya vitu hivyo viwili hupimwa kwa saa, si kwa siku.

2.0 Namna betri inavyounguza

Watu wengi hudhani kwamba madhara hutokana na betri kupasuka na kuvujisha sumu. Dhana hiyo huwafanya waangalie kama betri ni nzima, na wakiikuta haijatoboka hutulia. Ukweli ni kwamba betri nzima, isiyovuja hata tone, ndiyo inayounguza. Umio wenye unyevu huunganisha ncha mbili za betri, umeme hupita katika mate na tishu, na kwenye upande wa ncha hasi maji huchanganuliwa na kuzalisha hidroksidi. Kwa hiyo tishu huungua kwa alikali kali inayotengenezwa papo hapo, mfululizo, maadamu betri ingali pale. Alikali hulainisha na kuyeyusha nyama badala ya kuikausha, ndiyo maana jeraha huzidi kuzama ndani. Majeraha makubwa yanaweza kutokea katika muda wa saa mbili.

Ukubwa wa betri na nguvu yake vyote vina maana. Maandishi yaliyochongwa juu yake huyaeleza yote mawili: katika CR2032, tarakimu 20 ni kipenyo cha milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2025 ina kipenyo hichohicho na unene wa milimita 2.5. Kipenyo cha milimita 20 ndicho kinachokwama kwa urahisi katika umio wa mtoto mdogo. Betri hizi zina volti 3, ilhali zile ndogo za saa za mkononi na vikaragosi vinavyolia zina takriban volti 1.5. Kuchanganua maji kunahitaji kama volti 1.2 tu. Hivyo betri ya lithiamu iliyotupwa kwa sababu rimoti haifanyi kazi tena bado ina nguvu ya kutosha kuunguza. Neno “imekwisha” lina maana kwa spika. Kwa umio wa mtoto halina maana yoyote.

Jambo hili linaweza kuonyeshwa mbele ya wazazi bila maabara. Betri ya lithiamu ikiwekwa juu ya kipande cha soseji chenye unyevu na kufunikwa na kipande kingine, povu hutokea baada ya dakika chache, na nyama huanza kubadilika rangi upande wa ncha hasi. Kwa wahudumu wa Timu za Afya za Vijiji, onyesho hilo huenda likafaa kuliko bango lolote.

3.0 Saa mbili za Kabalagala

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye mazingira ya kawaida. Mtoto wa miezi 20 anacheza chumbani saa 12:00 jioni huku mama akipika mlangoni. Mama anaingia na kukuta rimoti imefunguka na betri haipo. Mtoto anadondosha mate, amekohoa mara mbili, na anakataa uji. Hakuna aliyemwona akimeza.

Njia ya kwanza ni ile ya sarafu. Jirani anashauri apewe ndizi mbivu au tonge la posho ili kitu “kisukumwe”. Mwingine anataka atapishwe kwa kidole. Saa 1:00 usiku duka la dawa linatoa dawa ya kikohozi, na asubuhi yake kituo cha afya kinaandika mafua. Hakuna katika watu hawa aliyekuwa mzembe: kudondosha mate, kikohozi na kukataa chakula ni dalili za maradhi mengi. Lakini saa 12 zimepita, na kitu cha pekee ambacho kingebadili uamuzi, yaani rimoti tupu, kimebaki nyumbani.

Njia ya pili huanza na rimoti hiyo. Betri isiyoonekana, pamoja na mtoto mwenye dalili, ichukuliwe kuwa imemezwa. Mtoto asitapishwe, na asipewe chakula, maziwa wala mafuta. Kwa kuwa amevuka miezi 12 na tukio halijapita saa 12, na maadamu anaweza kumeza, apewe asali: mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, huku safari ya hospitali ikiwa imeanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa watoto wa nguruwe, ulionyesha kuwa asali hupunguza ukali wa jeraha kwa kuifunika tishu na kuipooza alikali. Haizimi betri. Mtu anayetoka kutafuta asali dukani anapoteza kile anachotaka kukiokoa. Kama haimo ndani, safari ianze bila hiyo. Mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe kwa sababu ya hatari ya botulizimu, na sharubati ya sukari inayouzwa kwa jina la asali isitegemewe, kwa kuwa si hiyo iliyojaribiwa.

Swali gumu zaidi ni aende wapi. Kituo cha afya cha ngazi ya III, kama kile cha Kisugu, kiko karibu, lakini vituo vya ngazi hiyo kwa kawaida havikukusudiwa kuwa na eksirei wala chumba cha kutoa kitu katika umio kwa nusukaputi. Kupitia hapo kwa ajili ya barua ya rufaa ni kuongeza kituo kisicho na tiba. Hospitali ya Nsambya iko kilomita chache kutoka Kabalagala; Mulago iko ng’ambo ya katikati ya mji, na jioni foleni ya magari huigeuza safari fupi kuwa ndefu. Familia ipige simu njiani na kuuliza maswali mawili tu: je, eksirei inafanya kazi usiku huu, na je, yupo wa kuitoa betri? Hospitali iliyo karibu lakini isiyoweza kufanya yote mawili si karibu.

4.0 Kitu cha mviringo katika picha

Hospitalini, kosa la sarafu linaweza kujirudia mbele ya picha. Sarafu na betri zote huonekana kama duara jeupe. Katika picha ya mbele, betri aghalabu huwa na duara la pili ndani ya ukingo wake. Katika picha ya ubavuni, huonyesha ngazi ndogo pale upande mwembamba unapokutana na ule mpana. Ndiyo maana picha moja ya mbele haitoshi. Picha zianzie shingoni hadi tumboni. Betri nyembamba zinaweza zisionyeshe alama hizo waziwazi, hivyo kitu chochote cha mviringo katika umio kisichothibitishwa kuwa sarafu kichukuliwe kuwa betri.

Picha ya ubavuni ina faida nyingine. Upande mwembamba ndio wenye ncha hasi, na ndiko jeraha linakozama zaidi. Ukielekea mbele, bomba la hewa limo hatarini. Ukielekea nyuma, uti wa mgongo. Daktari anayeripoti mwelekeo huo humpa mpasuaji ramani ya mahali pa kuangalia.

Betri iliyo katika umio hutolewa mara moja, kwa endoskopi. Hapa kanuni njema ya nusukaputi, ya kusubiri mgonjwa akae saa kadhaa bila kula, hugeuka kuwa hatari: betri haingoji tumbo liwe tupu, na asali aliyopewa mtoto si sababu ya kuahirisha. Baada ya kuitoa, kama umio haujatoboka, jeraha linaweza kuoshwa kwa mililita 50 hadi 150 za asidi asetiki ya asilimia 0.25 iliyo safi kitabibu. Ikiwa betri imekwisha kufika tumboni na mtoto hana dalili, mara nyingi hupita yenyewe, lakini hufuatiliwa kwa picha.

Kutoka kwa betri si mwisho wa hatari. Jeraha linaweza kuendelea kuzama na kutoboa ukuta hadi kwenye bomba la hewa au aota, hata wiki kadhaa baadaye. Damu kidogo katika matapishi, au choo cheusi, kwa mtoto aliyekwisha ruhusiwa kwenda nyumbani, ni onyo la kutokwa na damu nyingi. Onyo hilo liandikwe katika karatasi ya kuruhusiwa, kwa lugha ambayo familia inaisoma. Kabalagala, hiyo inaweza kuwa Kiganda, Kiswahili, Kitigrinya au Kiamhari.

5.0 Sumaku na vipande vidogo

Sumaku haziunguzi, na asali haizifai. Hatari yake ni kuwa mbili. Sumaku zenye nguvu zilizomezwa kwa nyakati tofauti huvutana zikiwa katika mikunjo tofauti ya utumbo, huuminya ukuta uliomo kati yao hadi damu isifike, na hatimaye huutoboa. Mtoto anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa. Zikigandana, katika picha ya mbele zinaweza kuonekana kama moja, kwa hiyo picha ya ubavuni inahitajika hapa pia.

Kipande cha plastiki cha kikaragosi huua kwa njia nyingine, kwa kuziba pumzi, na hapo tiba ni ya dakika na iko mikononi mwa aliye karibu. Mtoto asiyeweza kulia wala kukohoa apigwe mapigo 5 kati ya mabega, akiwa ameinamishwa kichwa chini. Kisha aliye chini ya mwaka mmoja asukumwe kifua mara 5, na aliye zaidi ya hapo asukumwe tumbo, juu ya kitovu, mara 5, kwa kupokezana. Kidole kisiingizwe kinywani kutafuta kitu kisichoonekana.

6.0 Viwango na rejesta

Viwango vya vikaragosi duniani vimekuwa vikidai kwa miaka mingi kwamba mahali pa betri ndogo pafunguke kwa kifaa tu. Rimoti si kikaragosi, na pengo liko hapo. Sheria ya Reese ya Marekani ya mwaka 2022 ilipitishwa kwa ajili ya bidhaa hizo nyingine, pamoja na vifungashio vya betri zenyewe. Australia ilianza kutekeleza masharti ya namna hiyo mwaka huohuo. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, tayari lina mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini. Sharti la skrubu kwenye rimoti linaweza kuangaliwa kwa macho katika ukaguzi huo, bila kipimo chochote cha maabara.

Lakini hoja ya sera huhitaji hesabu, na hesabu huanzia kwenye rejesta. Katika uainishaji wa magonjwa wa ICD-10, kitu kigeni katika umio huandikwa T18.1, kiwe mfupa wa samaki, sarafu au betri. Rejesta inayoishia hapo haiwezi kumwambia mshauri wa sera ni watoto wangapi wa Makindye walioungua kwa lithiamu. Safu moja zaidi, yenye jina la kitu kilichotolewa, maandishi yaliyo juu yake na saa zilizopita tangu kimezwe, ingejazwa na muuguzi wa chumba cha upasuaji kabla betri haijatupwa.