Kijiko Juu ya Sahani: Namna ya Kumlisha Asiyeshika Mwili

Katika nyumba nyingi yupo mmoja ambaye hula pamoja na wenzake, sahani ikamalizika, na mwili usionekane kuongezeka. Huyo ndiye watu humwita asiyeshika mwili. Mama humwongezea ugali, shangazi humsukumia chapati ya tatu, naye hushiba upesi na kuinuka akiwa na tumbo zito na uzani ule ule. Kosa halimo katika nia ya wanaomlisha. Limo katika kutafuta wingi wa chakula badala ya uzito wa nguvu iliyomo ndani yake.

Tumbo hutoa habari ya shibe hasa kwa kadiri linavyojaa. Kikombe cha uji mwepesi hulijaza sawa na kikombe cha uji mzito, ilhali nguvu zilizomo ni tofauti kabisa. Nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga, kama vile unga wa mahindi, ina kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kwa hiyo mtu anayeshiba upesi hahitaji sahani ya pili. Anahitaji sahani ile ile iliyotiwa kitu kidogo chenye mafuta mengi: siagi ya karanga, parachichi, au mafuta ya kupikia.

Jambo hili limekwisha kuthibitika mahali pagumu zaidi kuliko jikoni mwetu. Mwaka 1996 daktari Mfaransa André Briend, pamoja na mtengenezaji wa vyakula Michel Lescanne, walibuni chakula tiba cha watoto waliokonda kwa utapiamlo. Walisaga karanga wakachanganya na unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti yake ndogo ya gramu 92 ina kalori 500, na kwa kuwa haichanganywi na maji, vijidudu haviwezi kustawi ndani yake kwa urahisi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliunga mkono watoto wasio na maradhi mengine kutibiwa nyumbani kwa chakula cha namna hiyo, na leo hutengenezwa hata hapa Kenya, Athi River. Pakiti hizo ni dawa ya wagonjwa na si za kununuliwa kando ya kliniki, lakini kanuni yake yaweza kutumika katika sufuria yoyote.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 22 aliyetoka Pwani na sasa anaishi na jamaa zake mtaani Tassia, Nairobi. Urefu wake ni sentimita 165 na uzani wake kilo 47. Kwa urefu huo, mtu mzima aliye chini ya kilo 50 na nusu huhesabiwa kuwa na uzani pungufu. Tuseme analenga kilo 51, yaani kuongeza kilo nne. Anaishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, hutembea hadi barabara ya Outering kupanda matatu, na kazini husimama mchana kutwa. Asubuhi hunywa vikombe viwili vya chai kabla ya kutia kitu kinywani. Mchana hula maharagwe na chapati moja, na usiku ugali kidogo na sukuma wiki.

Jambo la kwanza kwake ni kuihamisha chai. Vikombe viwili kabla ya chakula huchukua nafasi ambayo chakula kingekaa. Na anywe chai au maji baada ya kula. Kisha aongeze vitu vitatu, kila kimoja katika mlo wake.

Asubuhi, kikombe cha uji wa wimbi na vijiko viwili vya mezani vya siagi ya karanga. Vijiko hivyo humpa takriban kalori 190, na uji mwepesi wenyewe una kama 100 tu. Siagi isitupwe moja kwa moja sufuriani, kwani itafanya mabonge. Iweke bakulini, utie kijiko kimoja cha uji wa moto, ukoroge. Mwanzoni itakazana na kuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Usitishike, endelea kutia uji kijiko baada ya kijiko mpaka ilegee, kisha umimine katika kikombe kilichobaki. Uji ukiwa mzito usiuzimue kwa maji, maana maji yatarudisha ule wingi tunaoukimbia.

Mchana, kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya maji, kama ya alizeti, juu ya maharagwe yake. Hicho ni kalori 120 hivi. Kitiwe katika bakuli lake baada ya kupakua, wala si katika sufuria ya wote. Kuna sababu mbili. Kwanza, yakiwa sufuriani huwezi kujua yeye amepata kiasi gani. Pili, huenda baba mwenye tumbo kubwa, au bibi mwenye kisukari, anakula sufuria hiyo hiyo, nao hawana haja ya ziada hiyo. Siku tatu za mwanzo atumie kijiko kidogo cha chai kimoja, kisha viwili, hadi vitimie vitatu, ambavyo ni sawa na kijiko kimoja cha mezani. Mafuta mengi ya ghafula huharisha. Choo kikiwa chepesi, rudi kiasi cha nyuma kwa siku chache. Choo kikiendelea kuwa cha mafuta mafuta, kinachoelea na kunuka sana, hilo ni jambo la kumwona daktari.

Usiku, nusu ya parachichi la wastani, yaani avokado, lililopondwa kwa chumvi kidogo na ndimu na kuwekwa kando ya ugali. Hilo huongeza kama kalori 115. Parachichi lichaguliwe kwa uangalifu, kwani mafuta yake huongezeka kadiri linavyokomaa mtini. Likichumwa changa haliivi vizuri: hunyauka ngozi, likawa kama mpira, na halina utamu. Ndiyo sababu mamlaka ya kilimo ya Kenya husimamisha uvunaji wa kuuza nje katika miezi ambayo matunda bado ni machanga. Lililokomaa hulainika lote kwa siku chache, na ukilibonyeza karibu na kikonyo huingia kidogo. Wengine hupenda kulisaga kwa maji na sukari liwe juisi. Si vibaya, ila glasi hiyo ikinywewa kabla ya chakula, chakula chenyewe kitabaki sahanini.

Jumla ya nyongeza hizo tatu ni kalori 425 hivi kwa siku. Angezitafuta katika uji mwepesi, angehitaji zaidi ya vikombe vinne vingine, na hapo hasingeweza kula kitu tena. Milo yake haikubadilika jina, na sahani haikukua.

Katika vitu hivyo vitatu, karanga ndizo zenye hatari inayohitaji jicho. Karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Hatukuisahau sumu hiyo: mwaka 2004 katika sehemu za Ukambani, mahindi yenye aflatoksini yaliwaugua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Kukaanga karanga hakuiondoi sumu yote. Kinga ya jikoni ni kununua karanga nzima, wala si zilizokwisha kusagwa zisizojulikana zimetoka wapi. Zimwage katika ungo mahali penye mwanga, uondoe zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye weusi au ukungu, na zile zenye rangi tofauti na wenzake. Kaanga zilizobaki kwa moto mdogo, zisugue maganda, upepete, na uchambue mara ya pili, kwani chini ya ganda huonekana yaliyofichika. Ndipo uzisage. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme. Mafuta yakipanda juu ya chupa ya siagi, hayo ni maumbile yake, koroga tu. Na mtu ambaye karanga humvimbisha midomo, humtoa vipele au kumbana pumzi asizile kabisa, bali atumie parachichi na mafuta. Akibanwa pumzi apelekwe hospitali papo hapo.

Sasa, utajuaje kama inafaa? Kwa mizani, si kwa maneno ya wapita njia. Apimwe mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, kwa mizani ile ile, iwe ya nyumbani au ya duka la dawa. Ongezeko jema ni robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki, kwa hiyo kilo zake nne zataka wiki nane hadi kumi na sita. Mwanamke asishangae uzani ukipanda siku za kukaribia hedhi kisha ukashuka; hayo mara nyingi ni maji. Alinganishe uzani wa leo na wa wiki nne zilizopita.

Huenda wiki tatu zikapita na mizani isitikisike. Mwaka 1999 watafiti wa Kliniki ya Mayo, Marekani, walitoa uchunguzi wa watu 16 waliolishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Mmoja aliongeza mafuta ya mwili chini ya nusu kilo, na mwingine zaidi ya kilo nne. Walioongeza kidogo ni wale ambao miili yao ilianza kujisogeza zaidi bila wao kukusudia: kusimama, kutembeatembea, kutotulia kitini. Basi asiyeshika mwili si mwongo anaposema kwamba anakula. Dawa yake ni kuongeza hatua moja: kijiko cha tatu cha siagi ya karanga, au nusu ya pili ya parachichi, kisha kungoja wiki mbili nyingine kabla ya kuongeza tena.

Mafuta haya yana mpaka wake. Yanamfaa aliyekuwa mwembamba siku zote na mwenye afya. Hayamfai kama tiba mtu ambaye alikuwa na mwili kisha ukaanza kupukutika bila sababu. Kikohozi kilichopita wiki mbili na jasho la usiku vyaweza kuwa kifua kikuu; kiu na mkojo mwingi, kisukari; moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, maradhi ya tezi ya shingo. Msichana anayeogopa chakula, au anayejitapisha kwa siri, naye ahitaji daktari na mtu wa kumsikiliza kwa upole. Watu hao wapelekwe kupimwa kwanza, na kijiko cha mafuta kingoje.

Na kilo 51 zikifika, nyongeza zisikatwe zote kwa siku moja. Apunguze moja, ajipime kwa mwezi, na ile inayomtunza pale alipo ndiyo ibaki katika mlo wake.