Luva za Mbao na Jua la Saa Sita

Mtu akionyeshwa picha ya kompyuta ya nyumba ambayo bado haijajengwa, macho huenda kwanza kwenye madirisha. Nyumba ikiwa ya mtindo wa Mji Mkongwe, Zanzibar, atakuta mabawa ya mbao yenye vibao vya luva vilivyolazwa mshazari, ukingo wa nje ukiwa chini, ili upepo upite na jua lizuiwe. Plasta ikikosewa kidogo hakuna atakayegundua. Luva zikikosewa, hata asiyejua kuchora ataona kuna kitu hakijakaa sawa.

Dawa ni kulijenga bawa kwenye kompyuta kwa vipimo vya seremala. Tuchukue bawa lenye urefu wa milimita 1,160. Mbao za mlalo za juu na chini zina milimita 80 kila moja, kwa hiyo nafasi ya vibao ni milimita 1,000. Tukiweka kibao kila baada ya milimita 40, vinaingia 25 kamili. Kila kibao kina upana wa milimita 50, unene wa 10, na kimelala kwa nyuzi 45. Kwa vipimo hivyo vibao vinapandana kidogo, hivyo anayesimama mbele haoni ndani.

Shida huanza kwenye dirisha la pili lililo fupi zaidi. Wengi hulibana bawa lilelile mpaka litoshe, na vibao vyake hubanwa pia. Madirisha mawili yaliyo jirani yakawa na luva za unene tofauti. Seremala hafanyi hivyo. Nafasi ikiwa milimita 900, yeye huweka vibao 23 na kuviachanisha kwa milimita 39 na ushee. Tofauti hiyo ya chini ya milimita moja haionekani, na mbao zinabaki zilezile.

Katika programu ya Blender, kibao kimoja hurudiwa kwa zana iitwayo Array. Weka alama kwenye Constant Offset, andika mita 0.04 kwenye Z, kisha ondoa alama kwenye Relative Offset, maana zote mbili zikiwashwa hujumlishwa. Mtego mkubwa uko kwenye ule mshazari. Ukikizungusha kibao kabla ya kukirudia, safu nzima hufuata mwelekeo wa kibao na kutoka nje ya ukuta kwa nyuzi 45. Bonyeza kwanza Ctrl + A, uthibitishe Rotation na Scale, ndipo safu isimame wima.

Sasa jua. Zanzibar iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni, saa sita na nusu hivi mchana, jua liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 60. Ukuta unaotazama kaskazini hupigwa jua. Unaotazama kusini hukaa kivulini. Kwenye bawa letu, kibao cha juu hukifunika cha chini yake, na jua hufika sehemu ya nje tu. Ukitazama kutoka mbele, kila milimita 40 hugawanyika hivi: takriban 15 za mwanga na 25 za kivuli. Bawa likiwa limezama milimita 100 ndani ya ukuta, kivuli cha linta hushuka kama milimita 173, kwa hiyo vibao viwili vya juu havipati jua kabisa.

Ukali wa kingo za kivuli hutegemea ukubwa wa jua linavyoonekana angani, yaani kama nyuzi 0.53. Kivuli cha kibao husafiri milimita 29 tu kabla ya kutua, kwa hiyo ukungu wa ukingo wake haufiki hata theluthi moja ya milimita. Kivuli cha paa lililo umbali wa mita tatu kina ukungu wa milimita 28 hivi. Ndiyo maana luva huonekana kali na paa laini, chini ya jua moja. Angle ya taa ya Sun ikipandishwa hadi nyuzi 10, ukungu wa luva hufika milimita 5, na mistari huyeyuka.

Mwisho ni ukubwa wa picha. Ukuta wa mita 12 uliojaza picha ya pikseli 2,000 kwenda juu humpa kila kibao karibu pikseli 7, na hizo zinatosha. Kwa pikseli 800 hubaki chini ya 3, na bawa huanza kuonyesha mawimbi ambayo hayamo kwenye mbao.

Ili kuhakiki, weka kamera mbele ya bawa, kuza picha, na ulinganishe mwanga na giza kutoka kibao cha tano hadi cha mwisho: uwiano usibadilike. Ukiishusha kamera mtaani, madirisha ya ghorofani yataonekana meusi zaidi, kwa sababu sasa sehemu ya vibao inayopigwa jua huonekana kidogo zaidi. Hilo si kosa. Liache kama lilivyo.